Matofali saba ya kijani na tangi la shosho: vile chati isiyo na saa ilinidanganya

Wengi mmekuwa mkiniuliza kwa DM kwa nini niliacha kuposti zile chati zangu za Renko, zile za matofali ya kijani na mekundu. Leo nitasema. Ni stori ya historia zaidi kuliko stori ya pesa, lakini pesa iko ndani, na haikuwa yangu.

Oktoba 2023 shosho alipata bonasi ya majani chai. Kwa wale hawajalelewa huku juu Imenti, bonasi ndiyo Krismasi ya mkulima. Majani unachuma mwaka mzima, unalipwa kidogo kila mwezi, halafu Oktoba kiwanda kinakulipa ile nyingine kwa mkupuo. Shosho aliweka kando 48,000 za tangi la maji na mabati ya kukingia. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, niko nyumbani, nina simu na mdomo mrefu. Nikamwambia, "Shosho, shilingi inakufa. Tuweke hii pesa kwa dola hadi Aprili, utanunua tangi kubwa zaidi." Akaniuliza najuaje. Nikamwonyesha chati kwa simu: matofali saba ya kijani yamepangwa kama ngazi, hakuna hata jekundu moja. Akaangalia akasema, "Hii ni kama ukuta wa kanisa." Akakubali. Ilikuwa mwisho wa Januari 2024, dola ikiwa 160. Nikampatia mse mmoja wa kubadilisha pesa zile 48,000, akanipa dola 300.

Kabla sijasema kilichotokea, wacha nieleze hilo tofali ni nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa natumia kitu sikijui.

Chati ya kawaida ina pande mbili. Juu na chini ni bei, kushoto kwenda kulia ni wakati. Kila siku inapata nafasi yake, hata kama hakuna kitu kimefanyika. Renko inafanya kitu kingine. Unachagua saizi ya tofali, tuseme shilingi 5. Bei ikipanda 5 kamili, unachora tofali moja. Ikipanda 4 na senti 90 halafu irudi, huchori chochote. Ikae hapo wiki tatu ikichezacheza, bado huchori. Ikishuka, lazima ishuke hadi ipite tofali la mwisho lote kwenda chini na nyingine moja, ndiyo uchore jekundu. Ukikaa hapo na penseli utaona ni bei peke yake inayosukuma chati mbele. Saa imetolewa ukutani.

Jina lenyewe ni la Kijapani, na wanasema linatoka kwa neno "renga", yaani tofali. Nje ya Japani watu wengi walilijua kupitia Steve Nison, Mwamerika aliyeandika kitabu kuhusu chati za Kijapani mwaka 1994. Huyo ndiye aliyekuwa ashawaletea ile mishumaa kila mtu wa foreksi anajifanya anaielewa. Kwa hivyo ukiskia mtu yutyub anasema Renko ni siri mpya ya mabenki, jua anakuuzia kozi.

Na Wamerika wenyewe walikuwa na binamu ya Renko kitambo sana. Mashine ya kuchapa bei kwa utepe wa karatasi ilianza kutumika Niuyoki mwaka 1867. Bei zilikuwa zinatoka mfululizo, na watu wakaanza kuziandika kwa vitabu vyao, wakiandika tu bei inapobadilika kwa pointi nzima. Charles Dow, yule wa gazeti la Wall Street Journal, aliandika kuhusu hiyo "mbinu ya kitabu" mwaka 1901, na tayari alikuwa anaizungumzia kama kitu watu wanakijua. Baadaye namba zikageuka kuwa alama: X bei ikipanda, O ikishuka. Mwaka 1933 Victor de Villiers akaandika kitabu kizima juu yake, na hapo ndipo jina la pointi na figa likashika.

Inafanya kazi hivi. Safu ya X inaendelea kupanda boksi kwa boksi bila kusonga kulia. Bei ikigeuka kwa maboksi matatu, unahamia safu inayofuata na kuanza kushuka na O. Ikigeuka kwa maboksi mawili tu, unanyamaza. Hiyo kunyamaza ndiyo watu wanaita kuchuja kelele, na lazima niseme ukweli, ni kitu kizuri. Kama umewahi kukodolea macho chati ya dakika moja ukauza kwa sababu ya mshumaa mmoja mwekundu, unajua kelele ni nini.

Ila kuna kitu hao wazee walifanya ambacho hakuna app imenionyesha bila mimi kutafuta. Walijua wametupa wakati, na walikuwa wanaurudisha kwa mlango wa nyuma. Mwezi mpya ukianza, boksi la kwanza la huo mwezi hawakuweka X wala O. Waliandika namba ya mwezi: 1 ni Januari, 2 ni Februari, hadi 9, halafu A, B na C kwa Oktoba, Novemba na Desemba, ndiyo kila boksi libaki na herufi moja. Ukisoma safu unaweza kuona kwamba 3 na 4 zimebanana, na kati ya 4 na 8 hakuna kitu. Hiyo ni saa ndogo imefichwa ndani ya chati isiyo na saa.

Mimi sikuwa na saa yoyote. Twende kwa dola sasa.

Baada ya hasara nilichukua daftari la hesabu, lile la viboksi la shule ya msingi, nikaingia tovuti ya Benki Kuu ambako wanaweka bei ya dola ya kila siku, nikachora upya kwa mkono. Tofali la shilingi 5, nikianzia 125. Dola ilikuwa karibu 124 mwisho wa Januari 2023. Mwaka mmoja baadaye imepita 160. Hayo ni matofali saba: 125 hadi 130, 130 hadi 135, endelea hivyo hadi 155 hadi 160. Yote kijani.

Katikati ya Februari 2024 mambo yakageuka. Serikali ilikuwa na deni la Yurobondi la dola bilioni 2 la kulipwa Juni 2024, na mwaka mzima watu walikuwa wanaogopa kwamba hatutaweza. Ikakopa dola bilioni 1.5 kwa bondi mpya ili inunue sehemu kubwa ya ile ya zamani. Wiki hiyo hiyo Benki Kuu ikauza bondi ya miundombinu ya shilingi. Ilikuwa inatafuta bilioni 70, ikaletewa maombi ya zaidi ya bilioni 280, kwa sababu riba ilikuwa zaidi ya asilimia 18 na haina kodi. Mgeni akitaka bondi ya shilingi, kwanza anauza dola zake. Katika wiki moja hivi dola ikatoka karibu 160 hadi karibu 145. Mwisho wa Machi ilikuwa karibu 132. Agosti ilikuwa 129.

Kwa Renko hayo ni matofali matano mekundu: 155 hadi 150, kisha 145, 140, 135, na mwishowe 130.

Sasa angalia chati hiyo kama mtu ambaye hajui tarehe. Anaona saba kijani, tano jekundu. Ngazi ya kwenda juu, ngazi ya kushuka, zinafanana. Lakini matofali saba ya kwanza yalichukua karibu mwaka mzima. Mawili ya kwanza mekundu yalikuja ndani ya siku chache, karibu pamoja. Ya kwanza ni mtu anapanda ngazi na gunia la majani. Ya pili ni mtu ameanguka kutoka juu ya paa. Chati inachora zote kwa mwendo mmoja.

Na kuna kitu kinaniuma zaidi ya hicho. Hesabu tena huo mwaka wa kupanda. Shilingi 36 kwa siku kama 250 za kazi ni senti 14 hivi kwa siku. Nikipitia bei za kila siku, hivyo ndivyo ilivyokuwa, kidogo kidogo, kila asubuhi, kama bomba linalovuja. Halafu ikifika 160 hivi mwisho wa Januari bomba likanyamaza. Kwa wiki kama tatu dola ilikuwa pale pale, 160 na kitu, inapanda kidogo inarudi. Wiki mbili tatu hizo kwa Renko hazipo. Si kwamba zimeonekana ndogo. Hazipo kabisa, kwa sababu hakuna shilingi 5 zilizosogea. Mimi nilinunua ndani ya hizo wiki, nikiangalia tofali la kijani lililokauka zamani, nikifikiri ni la jana.

Sisemi kunyamaza kwa dola kulimaanisha itaanguka. Ingeweza kupumzika iende 170, na Desemba kulikuwa na watu wazima wenye digrii wakisema hivyo. Lakini kitu kilichovuja mwaka mzima kikiacha kuvuja, mtu mwenye akili anauliza fundi ni nani. Chati ya kawaida ingenifanya niulize. Ningepata jibu rahisi pia, kwa sababu jibu lilikuwa na tarehe: deni la Juni. Kitu chenye tarehe hakiwezi kuonekana kwa mchoro usio na tarehe.

Halafu kuna bei ya kuchuja yenyewe. Hii hesabu ifanye na mimi. Nimenunua 160. Tofali la mwisho la kijani liko kati ya 155 na 160. Ili tofali jekundu litokee, dola lazima ifike 150. Maana yake, Renko ikifanya kazi yake sawasawa kabisa, bila makosa, inaniambia "imegeuka" wakati nishapoteza shilingi 10 kwa kila dola. Kwa dola 300 hiyo ni 3,000. Hiyo ndiyo ada ya chujio. Ukitaka ada ndogo, punguza tofali liwe la shilingi 1, lakini sasa unarudisha kelele uliyokuwa unakimbia. Kwa pointi na figa ya boksi la shilingi 2 na mgeuko wa maboksi matatu, O za kwanza zingetokea ikifika 154. Nafuu, ila bado ada.

Na mimi sikuuza hata 150. Nilijiambia jekundu moja baada ya saba kijani ni kelele tu. Ndiyo ubaya wa kuambiwa kila siku kwamba umechuja kelele: unaanza kuamini kila usichokipenda ni kelele. Niliuza Machi kwa 134. Dola 300 zikawa 40,200. Shosho alikuwa amepoteza 7,800 na tangi halikuwa limeshuka bei hata bob.

Kitu cha pili kinachotupwa ni kiasi, yaani ni dola ngapi zimenunuliwa na kuuzwa kwa hiyo bei. Hapa Kenya tuna mfano mzuri kuliko wa vitabu vyao. Mwanzoni mwa 2023 bei rasmi ya Benki Kuu ilikuwa inasema 125, 127, 130. Lakini waulize waliokuwa wanaagiza mitumba, vipuri au dawa. Kwa benki walikuwa wanauziwa bei ya juu zaidi ya hiyo, na hata hiyo ya juu walikuwa wanapewa dola kidogo kidogo kwa foleni. Soko la mabenki kuuziana dola lilikuwa karibu limelala. Lilianza kuamshwa Machi 2023, mwezi ule ule serikali iliingia mpango wa kununua mafuta kwa mkopo kutoka Ghuba ndiyo kampuni za mafuta ziache kutafuta dola kila mwezi.

Kwa hivyo lile tofali langu la kwanza, 125 hadi 130, limejengwa kwa bei ambayo watu wengi hawakuweza kununua nayo. Na yale mekundu ya Februari 2024 yamejengwa na mabilioni yaliyobadilisha mikono kweli. Kwa chati ni matofali mawili ya saizi moja. Moja ni la mawe, lingine ni la karatasi, na rangi imefunika yote.

Watu wa pointi na figa wana jibu kwa hili. Wanasema bei ikienda kando, X, O, X, O, safu nyingi zikipangana kwa upana, basi hapo kuna watu wengi wamenunua na kuuza, na upana huo unakupimia safari inayofuata itafika wapi. Unahesabu safu, unazidisha kwa saizi ya boksi na kwa mgeuko. Ni wazo tamu, na kwa hisa inayouzwa kila siku labda lina maana. Lakini upana unahesabu ni mara ngapi bei imegeuka. Hauhesabu ni vitu vingapi vimeuzwa. Soko lililolala, wauzaji wawili wakirushiana bei, linaweza kuchora safu nyingi kuliko soko lenye watu elfu wanaokubaliana kuhusu bei moja.

Kwani tangu Agosti 2024 si ndiyo hivyo? Dola imekaa 129 na senti kadhaa, na 2025 yote ikawa pale pale. Kwa daftari langu, baada ya tofali la 130 hakuna kitu. Mwaka mzima na zaidi hauna hata kiboksi kimoja. Mtu akiangalia hiyo Renko atadhani habari zimeishia Agosti 2024. Kumbe kwa mkulima wa huku hiyo ndiyo habari yenyewe. Chai inauzwa kwa mnada Mombasa kwa dola. Kilo ikiuzwa dola 3, kwa bei ya 160 ni shilingi 480, kwa 129 ni 387. Bonasi ya 2025 ilipotoka ndogo na watu wakaanza maandamano, kuimarika kwa shilingi ilikuwa moja ya sababu zilizotolewa. Maumivu yao yalitokana na bei kukaa 129 muda mrefu, mauzo baada ya mauzo. Muda huo hauna tofali.

Binamu yangu wa Maua, wa miraa, alicheka sana nilipomweleza haya. Miraa ikishachumwa una kama siku mbili, baada ya hapo imekauka, ni kuni. Akaniambia, "Sasa wewe unataka nichore bei ya kisa bila kuandika imechumwa saa ngapi?" Dhahabu inaweza kungoja tofali. Kisa cha miraa hakiwezi. Na mimi naongeza: pesa ya tangi ambayo mvua ya Machi inaikaribia haiwezi pia. Nilichagua chati ya mtu asiye na haraka kwa pesa yenye haraka.

Kama bado mnataka kutumia hizi chati, na sikatazi, angalieni kitu kimoja kwa app zenu. Ukifungua Renko kwa TradingView, kuna mahali inakuuliza utumie `Traditional` au `ATR`. Traditional ni wewe unachagua saizi. ATR inapima bei ilivyokuwa inarukaruka siku za karibuni, mara nyingi 14, na kuchagua saizi yenyewe. Ubaya ni kwamba soko likibadilika tabia, saizi inabadilika, na matofali ya zamani yote yanachorwa upya. Ile ngazi safi uliyopiga skrinshoti Januari, ukiifungua Machi unapata nyingine. Historia imeandikwa upya na hakuna aliyekuambia. Yangu ilikuwa hivyo. Nilipoirudia baada ya kuuza, matofali saba niliyomwonyesha shosho yalikuwa yamekuwa manne.

Na usiamini jaribio lolote la mkakati lililopigwa juu ya Renko. Kompyuta inadhani umenunua pale tofali linaanzia, kwa mfano 150 kamili. Siku ile dola ilianguka, hakuna mtu alikuuzia 150 kamili ukiwa umekaa ukumbini unakunywa chai. Niulizeni mimi.

Shosho nilimrudishia ile 7,800 pole pole, kwa kazi ya kupiga picha harusi, na tangi likaja Agosti. Lile daftari la viboksi bado liko. Nachora dola kila Ijumaa, X na O, ila siku hizi boksi la kwanza la kila mwezi naandika namba ya mwezi, na pembeni kwa penseli naandika Ijumaa ngapi zimepita bila kuchora chochote. Hiyo hesabu ya pembeni ndiyo imekuwa ndefu kuliko chati.